Miche 200, trei 10: kisa cha wastani uliopita mtihani kwa hesabu moja na kushindwa kwa nyingine

Kisa hiki kinahusu mauziano ya miche ya miti kati ya kitalu kimoja na mnunuzi mmoja. Majina, mahali na aina ya mti vimeondolewa kwa makubaliano na pande zote mbili. Niliitwa na mnunuzi kuipitia ripoti ya upimaji kabla hajatia saini ya kupokea mzigo. Wastani uliokuwa kwenye ripoti ulikuwa sahihi kabisa. Kilichonisimamisha ni kosa sanifu lililoandikwa pembeni yake, yaani kipimo cha jinsi wastani huo unavyoweza kuyumba kwa bahati ya uteuzi.

Mazingira ya kisa

Kitalu kilikuwa na trei 240 za mzigo huo, na kila trei ina matundu 20. Kabla ya upimaji msimamizi alikuwa amejaza upya matundu yote yaliyokufa miche, kwa hiyo kila trei ilikuwa na miche 20 kamili, na mzigo mzima ulikuwa miche 4,800. Trei zilipangwa juu ya meza 12, kila meza trei 20. Mkataba uliweka sharti moja la kimo: wastani wa urefu wa mzigo mzima, kutoka usawa wa udongo hadi ncha ya juu, usipungue sentimita 20.

Kupima miche yote 4,800 kwa rula kungechukua muda ambao hakuna aliyekuwa nao. Njia ya pili ingekuwa kuchagua miche 200 kwa nasibu kutoka mzigo wote, ila hapo mpimaji angelazimika kuzunguka zaidi ya nusu ya trei zote akitafuta mche mmoja huku na mmoja kule, na kuhesabu matundu kila anapofika. Trei ndiyo inayoshikika kwa mkono: unaishusha mezani, unapima miche yake yote 20, unairudisha. Ndiyo maana pande zote mbili zilikubaliana kuchagua trei 10 kwa nasibu na kupima kila mche uliomo.

Huu ndio uteuzi wa makundi wa hatua moja. Kundi ni trei. Nasibu inafanya kazi mara moja tu, pale trei zinapochaguliwa, na baada ya hapo hakuna uteuzi tena, kwa sababu kila kilichomo ndani ya trei kinapimwa. Makundi yote yana ukubwa sawa, yaani miche 20, na hilo linarahisisha hesabu kuliko watu wengi wanavyodhani.

Jinsi trei zilivyopatikana

Pendekezo la kwanza la kitalu lilikuwa kuchukua trei zilizo karibu na njia, kwa kuwa ndizo rahisi kufikika. Mpimaji wa mnunuzi alikataa, na alifanya vyema. Trei za kando ya njia hupita mikononi mwa watu kila siku: ndizo zinazong'olewa magugu kwanza na ndizo zinazoonekana zikikauka kabla ya nyingine. Hakuna kanuni ya variansi inayoweza kuurekebisha upendeleo wa namna hiyo.

Trei zikapewa namba kuanzia 1 hadi 240 kwa kufuata meza, kisha namba 10 zikatolewa na kompyuta bila kurudia:

```python
import random
random.sample(range(1, 241), 10)
```

Orodha ilichapishwa na kusainiwa na pande zote mbili kabla trei ya kwanza haijashushwa. Trei moja ilikuwa nyuma kabisa, chini ya wavu wa kivuli uliolegea, na msimamizi aliomba ibadilishwe na jirani yake. Haikubadilishwa.

Vipimo

Hii hapa ni wastani wa urefu katika kila trei, kwa sentimita, kwa mfuatano wa kupimwa:

21.4, 18.2, 24.0, 19.6, 22.8, 17.5, 20.9, 23.3, 16.8, 21.5

Ndani ya kila trei miche nayo ilitofautiana. Katika ile ya 16.8, kwa mfano, mche mfupi kuliko wote ulikuwa na sentimita 11.5 na mrefu kuliko wote 22.0. Ukichukua variansi ya miche 20 ya kila trei, kisha ukatafuta wastani wa variansi hizo 10, unapata 9.0, yaani mkengeuko sanifu wa sentimita 3 ndani ya trei.

Wastani wa mzigo haukuwa na utata. Kwa kuwa trei zote zina idadi sawa ya miche, wastani wa wastani 10 za trei ni sawa kabisa na wastani wa miche yote 200. Jumla ya namba zile ni 206.0, na 206.0 ukigawanya kwa 10 ni sentimita 20.6. Juu ya hapo hakuna aliyebishana, na makadirio haya hayana upendeleo: kila trei ilikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa, na kila mche uliingia pamoja na trei yake.

Hesabu ya ripoti ya kwanza

Mwandishi wa ripoti aliichukua miche 200 kama sampuli nasibu rahisi ya miche 4,800. Variansi ya miche 200 kwa pamoja ilikuwa 14.2. Akaigawanya kwa 200 na kuizidisha kwa kisahihisho cha jumla yenye kikomo, ambacho ni 1 − 200/4800. Akapata variansi ya wastani ya 0.068, na kosa sanifu la 0.26. Mipaka yake ya uhakika wa asilimia 95 ikaenda kutoka sentimita 20.1 hadi 21.1.

Mpaka wa chini ulikuwa juu ya 20. Ripoti ikahitimisha kwamba sharti la mkataba limetimia. Msimamizi wa kitalu, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi na miche, aliniuliza swali ambalo naliona ni la haki: "Tumepima miche 200, na kila mmoja kwa rula. Mnataka nini tena?"

Hesabu iliyofanyika upya

Nilimwomba aangalie tulivyofika kwenye miche ile. Kompyuta ilitoa namba 10, si 200. Mche wa pili wa trei haukuchaguliwa kwa nasibu. Uliingia kwa sababu jirani yake wa kwanza alikuwa katika trei iliyochaguliwa. Kwa hiyo bahati iliyoingia katika wastani wetu ni bahati ya trei 10 kati ya 240, na variansi lazima ipimwe kwa trei hizo.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kila trei ichukuliwe kuwa kipimo kimoja, nacho ni wastani wake. N ni idadi ya trei zote, n ni idadi ya zilizochaguliwa, na s² ni variansi ya wastani za trei zilizochaguliwa, ikigawanywa kwa n − 1:

```
v = (1 − n/N) · s² / n
```

Ni kanuni ileile ya sampuli nasibu rahisi, isipokuwa kinachochaguliwa sasa ni trei. Tofauti ya kila trei na 20.6 ni 0.8, −2.4, 3.4, −1.0, 2.2, −3.1, 0.3, 2.7, −3.8 na 0.9. Ukizipandisha kipeo cha pili na kuzijumlisha unapata 56.04. Gawanya kwa 9, s² ni 6.23. Gawanya tena kwa 10, ni 0.623. Zidisha kwa 1 − 10/240, ambayo ni 0.958, na variansi ya wastani inakuwa 0.597. Kipeuo chake cha pili, yaani kosa sanifu, ni 0.77.

Anayetaka kuhakiki kwa mashine:

```python
from statistics import mean, variance
y = [21.4, 18.2, 24.0, 19.6, 22.8,
     17.5, 20.9, 23.3, 16.8, 21.5]
N, n = 240, len(y)
v = (1 - n/N) * variance(y) / n
print(mean(y), v, v**0.5)
```

Ili kupata mipaka ya asilimia 95 tunatumia jedwali la t lenye digrii 9 za uhuru, kwa kuwa trei ni 10. Thamani yake ni 2.262. Zidisha kwa 0.77 na unapata takribani sentimita 1.75 kila upande, kwa hiyo mipaka ni kutoka 18.9 hadi 22.3.

Wastani haujasogea hata kidogo, bado ni 20.6. Ila sharti la sentimita 20 sasa liko katikati ya mipaka, na data ile haiwezi kusema kama mzigo umefika au haujafika. Mipaka ya ripoti ya kwanza, yenye nusu sentimita tu kila upande, ingeukamata wastani wa kweli kama mara moja kati ya mbili, huku ikitangazwa kuwa ya asilimia 95.

Kwa nini 9.0 haimo katika kanuni

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na msimamizi alikwama hapohapo. Tumeona miche ikitofautiana sana ndani ya trei, kutoka 11.5 hadi 22.0. Mbona variansi hiyo ya ndani haionekani popote katika hesabu?

Ni kwa sababu wastani wa trei iliyochaguliwa haukukadiriwa, umejulikana. Miche yote 20 imepimwa, na 16.8 ni wastani halisi wa trei ile. Hata tukirudi kuipima kesho kwa uangalifu uleule, jibu litakuwa lilelile, ukiacha makosa madogo ya rula. Ndani ya trei hakuna kilichoachwa nje, kwa hiyo hakuna bahati ya kuhesabiwa. Bahati yote imo katika zile trei 230 ambazo hatukuzigusa. Zingekuwa zote na wastani unaofanana, tungetosheka na trei moja hata kama ndani yake miche imepishana vibaya. Na zikitofautiana sana, kuwa na miche 20 sawasawa ndani ya trei hakutusaidii kitu.

Ndiyo maana katika uteuzi wa makundi tunapenda jambo ambalo kwa mara ya kwanza linashangaza: kundi zuri ni lile lenye mchanganyiko ndani yake. Trei ambayo ina miche mifupi na mirefu kama mzigo wenyewe ni picha ndogo ya mzigo, na wastani wake utakuwa karibu na wastani wa wote. Trei ambayo miche yake yote imedumaa pamoja inakupa habari moja, ikairudia mara 20.

Unajuaje uko katika hali ipi? Kuna kipimo chepesi ambacho mtu anaweza kukifanya kabla ya kuandika ripoti. Kama miche ingekuwa imetiwa katika trei kwa nasibu, bila mahali kuwa na athari yoyote, variansi ya wastani za trei ingekaribia variansi ya ndani ukiigawanya kwa idadi ya miche katika trei: 9.0 kwa 20, yaani 0.45. Sisi tulikuwa na 6.23, karibu mara 14 zaidi. Pengo kama hilo halitokani na bahati ya kawaida. Linaonyesha kwamba miche ya trei moja inafanana kwa sababu ina historia moja: maji yaleyale, kivuli kilekile, udongo uliochanganywa siku moja.

Kiasi cha kufanana huko hupimwa kwa uwiano wa ndani ya kundi. Katika kisa hiki makadirio yake yalikuwa 0.39. Kwa makundi ya ukubwa M, variansi ya wastani huongezeka takribani mara 1 + (M − 1) × uwiano huo ikilinganishwa na sampuli nasibu rahisi yenye miche ileile. Hapa ni 1 + 19 × 0.39, yaani kama 8.4. Gawanya 200 kwa 8.4 na utapata karibu 24. Hilo ndilo jibu la swali la msimamizi: kwa uhakika wa wastani, miche yake 200 ilikuwa na uzito wa kama miche 24 ambayo ingechaguliwa mmojammoja kutoka mzigo wote. Zingatia kwamba uwiano wa 0.39 peke yake hauonekani mkubwa. Kinachouongezea nguvu ni ile 19. Hata uwiano wa 0.05, ambao wengi wangeupuuza, ungekaribia kuifanya variansi iwe mara mbili katika trei za miche 20.

Uamuzi wa kuongeza trei

Pande zote mbili zilikubali kwamba trei 10 hazitoshi. Kitalu kikapendekeza tupime upya trei zilezile 10, safari hii watu wawili wapime kila mche. Nilipinga, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu: wastani za trei hizo tunazijua tayari. Kilichohitajika ni trei nyingine.

Ngapi? Tulikubaliana kwanza juu ya upana wa mipaka, kabla ya kugusa trei yoyote: sentimita 1 kila upande. Kwa kutumia s² ya 6.23 na kubahatisha kwamba thamani ya t itakuwa karibu 2.07, kosa sanifu linalotakiwa ni 0.483 na variansi yake 0.233. Ukiiweka katika kanuni na kutafuta n, unapata 6.23 ukigawanya kwa jumla ya 0.233 na 6.23/240. Jibu ni karibu 24. Kwa hiyo ziliongezwa trei 14, zikachaguliwa kwa nasibu kutoka zile 230 zilizobaki. Trei 10 za mwanzo pamoja na 14 hizi ni sampuli nasibu rahisi ya trei 24, na kanuni ileile inatumika bila kubadilika.

Hapa pana mambo mawili ambayo nilitaka yaandikwe katika kumbukumbu. La kwanza, s² ya 6.23 ilitokana na trei 10 tu, na yenyewe haina uthabiti mkubwa: ikiwa wastani za trei zinafuata mgawanyo wa kawaida, mipaka yake ya asilimia 95 ni kutoka karibu 3 hadi karibu 21. Ile 24 ni mpango, na huenda mipaka ya mwisho ingekuwa mipana kuliko tulivyoahidi. La pili, namba 24 iliwekwa kwa kuangalia upana wa mipaka, na tulikubaliana kwamba hakutakuwa na nyongeza ya tatu matokeo yakiwa vyovyote vile. Ukiendelea kuongeza trei mpaka jibu unalolipenda lijitokeze, ile asilimia 95 inapoteza maana.

Matokeo

Trei 14 mpya zilitoa wastani hizi:

19.1, 22.1, 16.2, 20.4, 18.7, 23.6, 15.9, 19.8, 21.2, 17.4, 20.0, 22.6, 18.3, 16.9

Kwa trei zote 24, wastani ulikuwa sentimita 19.9. Variansi ya wastani za trei ilikuwa 6.01, karibu sana na ile ya mwanzo. Variansi ya makadirio ni 0.9 × 6.01 / 24, sawa na 0.225, na kosa sanifu ni 0.47. Kwa digrii 23 za uhuru mipaka ilikuwa kutoka 18.9 hadi 20.9, upana ule tuliokusudia.

Mnunuzi hakuupokea mzigo. Sioni kama matokeo haya yalithibitisha kwamba mzigo ulikuwa chini ya sentimita 20, na nilimwambia hivyo. Yalionyesha tu kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kwamba umefika, na kwa mujibu wa mkataba jukumu la kuthibitisha lilikuwa la muuzaji. Kama mnunuzi angetumia ripoti ya kwanza, angetia saini kwa uhakika ambao haukuwepo.

Ndipo msimamizi akafanya jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa na thamani kuliko hesabu zote. Alichukua mchoro wa meza zake na kuandika wastani wa kila trei mahali pake. Trei 12 kati ya 24 zilikuwa kwenye meza sita zilizo upande wa tangi la maji, na 12 kwenye meza sita za mbali. Wastani wa zile za karibu ulikuwa 21.9, na wa zile za mbali 18.0. Akaenda kufungua mabomba ya upande wa mbali na kukuta msukumo wa maji ukiwa hafifu. Baadhi ya vinyunyizio vilikuwa vimeziba kwa mchanga. Katika trei 10 za mwanzo, sita zilitoka upande wa karibu na nne tu upande wa mbali. Hiyo ilikuwa bahati halali ya nasibu, na ilichangia kuufikisha wastani wa kwanza kwenye 20.6. Kosa sanifu la 0.77 lilikuwa limeshaionya nafasi ya bahati kama hiyo. Lile la 0.26 halikuacha nafasi yoyote.

Vinyunyizio vilisafishwa, miche ikaachwa ikue kwa wiki nne zaidi, kisha ikapimwa kwa mpango mpya: trei 12 kwa nasibu kutoka kila upande. Wastani ulikuwa sentimita 23.1 na kosa sanifu 0.31. Mzigo ukapokewa.

Uchambuzi: kilichofaa

Uteuzi wa trei ulikuwa safi, na hilo ndilo lililookoa kazi yote. Kosa lilikuwa katika hesabu ya variansi peke yake, kwa hiyo vipimo 200 vya mwanzo havikutupwa. Viliingia moja kwa moja katika sampuli ya 24. Zingechukuliwa trei za kando ya njia, tungelazimika kuanza upya.

Kupima miche yote ya trei kulifaa kwa sababu za kiutendaji. Kulifuta mabishano juu ya mche upi upimwe, na kulituwezesha kutumia kanuni fupi ambayo pande zote mbili zilihakiki kwa kikokotoo. Wakati fedha na imani viko hatarini, kanuni ambayo muuzaji anaweza kuirudia mwenyewe ina uzito wake.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Ripoti ya kwanza ilihesabu kilichopimwa badala ya kilichochaguliwa. Dalili yake huonekana hata kabla ya kuona data: ukikuta sampuli imechukuliwa kwa trei, kwa darasa au kwa kaya, halafu digrii za uhuru katika ripoti ni idadi ya watu au vitu ukitoa moja, simama hapo uulize. Kwa trei 10 digrii ni 9, hata kama kila trei ingekuwa na miche 1,000.

Mgawanyo wa juhudi nao haukuwa mzuri. Kwa uwiano wa 0.39, mche wa tano katika trei ileile unaongeza habari kidogo sana, na wa ishirini karibu haongezi chochote. Kwa vipimo vilevile 200, mtu angeweza kuchukua trei 50 na kupima miche minne kwa nasibu katika kila trei. Kosa sanifu lingeshuka hadi karibu 0.37, chini ya nusu ya 0.77. Huo tayari ni uteuzi wa hatua mbili, na variansi ya ndani ya trei inarudi katika kanuni kwa sababu wastani wa trei sasa unakadiriwa. Kama kushusha trei ndiyo kazi nzito, kupima zote 20 kuna mantiki. Katika kitalu hiki kazi nzito ilikuwa rula, na mpango wa hatua mbili ungefaa zaidi.

Kugawa trei kwa matabaka tangu mwanzo, karibu na tangi na mbali nalo, kungesaidia hata zaidi. Nilipozikokotoa upya trei 24 kwa mgawanyo huo, kosa sanifu lilitoka karibu 0.28 badala ya 0.47. Sikuiweka namba hiyo katika ripoti ya mnunuzi. Mpaka kati ya pande mbili ulichorwa baada ya wastani za trei kuonekana, na mpaka unaochorwa hivyo huifanya data ionekane imetulia kuliko ilivyo. Ilitufaa kupanga upimaji wa pili, ambako matabaka yaliwekwa kabla ya kuchagua, na huko ndiko kosa sanifu la 0.31 lilikotoka.

Limebaki sharti moja ambalo kisa hiki kilikuwa na bahati nalo. Kila trei ilikuwa na miche 20 kamili. Kama miche iliyokufa isingejazwa, na trei moja ikawa na 20 na nyingine 11, wastani wa wastani za trei usingekuwa tena wastani wa miche: mche wa trei yenye 11 ungehesabiwa kwa uzito karibu mara mbili ya mche wa trei iliyojaa. Na kwa kawaida trei iliyopoteza miche mingi ndiyo hiyohiyo yenye miche iliyodumaa, kwa hiyo upotofu usingejifuta wenyewe. Hapo ingebidi kugawanya jumla ya urefu wote kwa jumla ya miche iliyopimwa, na variansi ihesabiwe kwa kanuni ya makadirio ya uwiano. Katika upimaji wa pili trei mbili zilikuwa zimepungukiwa mche mmojammoja. Kwa upungufu mdogo kiasi hicho tulihesabu kwa njia zote mbili, na wastani haukubadilika hata kwa sehemu moja ya kumi ya sentimita.